Diski ya Nje kwa Pleistesheni 5: Ipi Inunuliwe, na Gemu Zipi Zibaki Ndani

Anayetaka kununua diski ya nje kwa ajili ya konsoli yake kwa kawaida huanza kwa kuuliza ukubwa, kwamba achukue terabaiti moja au mbili. Ningemwomba aanze na swali jingine: diski hiyo itafanya kazi gani? Kwenye Pleistesheni 5, diski iliyochomekwa kwenye tundu la USB huweza kuendesha gemu za Pleistesheni 4 moja kwa moja, lakini gemu za Pleistesheni 5 zenyewe huwekwa humo kama mzigo ghalani tu. Ukitaka kuicheza mojawapo, ni lazima kwanza uirudishe ndani. Wapo walionunua diski za bei kubwa bila kulijua hili, wakakuta gemu waliyoikusudia inakataa kufunguka, nao wakadhani diski ni mbovu.

Sababu yake ni mwendo wa kusoma data. Diski ya ndani ya Pleistesheni 5 husoma takriban gigabaiti 5.5 kila sekunde, na watengenezaji wa gemu za kizazi hiki hutegemea mwendo huo kuleta mandhari mpya wakati mchezaji anageuka au anakimbia. SSD ya nje ya kawaida, ile isiyo na kisahani kinachozunguka, hutoa takriban nusu gigabaiti kwa sekunde, na diski ngumu ya kubebeka hutoa kama megabaiti 120 hivi. Gemu za Pleistesheni 4, kwa upande wake, ziliundwa kwa konsoli iliyouzwa na diski ngumu ndani yake, kwa hiyo mwendo wa USB unazitosha. Konsoli ilipotoka Novemba 2020 haikuruhusu hata kuhifadhi gemu za Pleistesheni 5 kwenye USB. Ruhusa hiyo ilikuja na sasisho la Aprili 2021, nayo ni ya kuhifadhi peke yake.

Kwa hiyo diski ya nje hupimwa kwa mambo mawili: inaendeshaje gemu za zamani, na inachukua muda gani kurudisha gemu kubwa ndani. Hili la pili ndilo litakalokugusa kila wiki. Chukua gemu ya gigabaiti 100. Kutoka kwenye diski ngumu ya megabaiti 120 kwa sekunde, kuirudisha huchukua kama dakika 14. Kutoka kwenye SSD inayotoa megabaiti 400 kwa sekunde, huchukua dakika 4 na ushee. Ukiifuta na kuipakua upya kwa intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde, utasubiri saa 11. Hata diski ya polepole, basi, inaishinda intaneti ya watu wengi kwa mbali sana, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kutofuta gemu ambayo unajua utairudia.

Kwa msingi huo, chaguo ninaloliweka la kwanza ni SSD ya kubebeka ya terabaiti 1, ya daraja la kawaida, yaani ile ambayo boksi lake linaahidi kati ya megabaiti 500 na 1,000 kwa sekunde. Gemu za Pleistesheni 4 zikiwa humo hufunguka kwa muda unaozidi ule wa diski ya ndani kwa sekunde chache tu, na uhamishaji unakwisha kabla hujachoka kuutazama. Haina sehemu inayozunguka, hivyo haiguni wala haiumii upesi ikisukumwa kwenye rafu, tena hupata umeme wote kutoka kwenye konsoli. Kama mfuko wako unaruhusu kitu kimoja tu, nunua hiki.

La pili ni diski ngumu ya kubebeka ya terabaiti 2, nami naipendekeza bila kusita kwa mtu mwenye maktaba kubwa ya gemu za Pleistesheni 4 ambaye hahamishi mara kwa mara. Kwa pesa ileile hupata nafasi kubwa zaidi. Kasoro yake ni kwamba gemu zenye ramani kubwa hukawia kufunguka, na nyingi za diski hizi hupunguza mwendo wa kuandika katikati ya kazi ndefu: mstari wa uhamishaji huanza kwa kasi, kisha ukifika nusu unakokota. Hiyo ni tabia ya aina hii ya diski, na si dalili ya ubovu. Chagua ya inchi 2.5, kwa sababu zile kubwa za inchi 3.5 huhitaji adapta yake ya umeme na soketi nyingine ukutani.

La tatu ni SSD za nje zinazotangaza megabaiti 2,000 kwa sekunde. Ni vyombo vizuri, ila matundu ya kasi ya Pleistesheni 5 yana ukomo wa gigabiti 10 kwa sekunde, nusu ya kile ambacho SSD hizo zinahitaji ili zifikie ahadi yao. Unalipia mwendo ambao konsoli haiwezi kuupokea. Mwenye kutamani kasi kiasi hicho afikirie SSD ya M.2 inayofungwa ndani ya konsoli, iliyoruhusiwa tangu Septemba 2021, kwa kuwa ndiyo pekee ya kuongeza inayoendesha gemu za Pleistesheni 5. Hiyo ni ununuzi mwingine wenye masharti yake, na huwafaa wanaocheza gemu nyingi za kizazi kipya kwa zamu zinazobadilika kila siku.

La mwisho kabisa ni flashi. Konsoli inaweza kuikubali ikiwa ina gigabaiti 250 au zaidi na ni ya USB 3, lakini flashi nyingi hupata joto na kuzorota ndani ya dakika chache za kuandika mfululizo. Sizipendekezi kwa kazi hii.

Tuseme sasa diski imefika. Nani abaki ndani? Tuchukue konsoli ya toleo la kwanza, ambayo diski yake ya gigabaiti 825 humwachia mtumiaji takriban gigabaiti 667. Mwenyewe ana gemu sita za Pleistesheni 4 zenye jumla ya gigabaiti 260. Za Pleistesheni 5 ni hizi: ya vita vya mtandaoni, 150, ya mpira, 60, ya dunia pana ambayo yuko katikati yake, 110, ya magari, 100, mbili za hadithi alizokwisha kumaliza, 90 na 85, na gemu ndogondogo zenye jumla ya 30. Hizo ni 625, na ukijumlisha zote unapata 885. Hazienei.

Hatua ya kwanza haina mjadala: gemu zote za Pleistesheni 4 zitoke, kwa sababu zitachezeka hukohuko nje. Ndani zinabaki 625, na nafasi ya wazi ni 42 tu. Hapo wengi husimama wakidhani wamemaliza, kisha sasisho kubwa linakuja na kukwama, maana konsoli huhitaji nafasi ya ziada ya kulipokea. Hatua ya pili ni kuzitoa zile mbili za hadithi zilizokwisha. Ndani sasa kuna 450, na nafasi ya wazi ni 217, inayotosha gemu mpya ya gigabaiti 120 na bado pakabaki pa kupumulia. Nje kuna 435, chini ya nusu ya diski ya terabaiti 1.

Angalia kwamba gemu ya vita, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, sikuigusa, ingawa mkono wa mtu huikimbilia kwanza kwa sababu ya ukubwa wake. Gemu ya mtandaoni husasishwa mara kwa mara, na gemu ya Pleistesheni 5 iliyowekwa kwenye USB hupata masasisho yake baada ya kurudishwa ndani. Ukiitoa kwa wiki tatu, siku marafiki watakapokuita utasubiri uhamishaji, kisha utasubiri tena upakuaji. Gemu ya hadithi iliyokamilika haina shida hiyo. Inaweza kulala nje mwaka mzima na kurudi karibu kama ilivyotoka. Gemu ndogondogo nazo niliziacha, kwa kuwa kuzihamisha kunaokoa kidogo mno. Ile ya magari ndiyo ya kupima: ikiwa huichezi ila mwisho wa mwezi, ndiyo itakayotoka zamu ijayo.

Kuna mtego mmoja ulionipotezea jioni nzima. Gemu nyingi zina toleo la Pleistesheni 4 na la Pleistesheni 5 kwa jina lilelile, na matoleo yote mawili yanaweza kukaa kwenye konsoli moja bila mtu kugundua. Nilikuwa nalo la zamani ndani, likila gigabaiti 70, huku nikicheza jipya. Fungua orodha ya hifadhi, usome alama ya PS4 au PS5 kando ya kila jina, kabla hujaamua chochote.

Wakati wa kuunganisha, tumia matundu ya nyuma. Kwenye toleo la kwanza, lile tundu pana la USB la mbele ni la mwendo wa chini, na konsoli haikubali diski ya kupanua hifadhi hapo. Usipitishe kwenye kigawanyio cha USB, na tumia kebo iliyokuja na diski. Kisha fuata njia hii kwenye skrini:

```
Settings > Storage > USB Extended Storage
```

Hapo utachagua kufomati, kazi inayofuta kila kitu kilichomo, kwa hiyo picha na faili zako zihamishwe kwanza. Diski iliyokwisha kufomatiwa na Pleistesheni 4 haihitaji hilo. Ichomeke tu, na gemu zake zitaonekana. Konsoli hutumia diski moja tu ya namna hii kwa wakati mmoja. Hifadhi za maendeleo ya gemu za Pleistesheni 5 hubaki ndani ya konsoli hata gemu yenyewe ikihamishwa, kwa hiyo kuharibika kwa diski ya nje hakukupotezei ulipofikia.

Wenye Eksiboksi Siriz watakuta kanuni ileile: gemu zilizoandikwa Optimized for Xbox Series X|S huchezwa kutoka ndani au kwenye kadi maalumu ya upanuzi, na za Eksiboksi Wani na za kabla yake huchezwa kutoka USB. Siriz S ya gigabaiti 512 huacha takriban 364 tu za kutumia, kwa hiyo uhamishaji huko ni wa mara kwa mara zaidi, na SSD inakuwa na haki zaidi ya kushinda diski ngumu.

Kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha, ijaribu diski yako. Zipo diski ndogo zinazouzwa kama terabaiti 8 kwa bei ya kushangaza, ambazo ndani yake mna kadi ya gigabaiti chache iliyopangwa kudanganya. Dalili kwenye konsoli ni gemu zinazohamishwa vizuri kisha zikakataa kufunguka kwa madai kwamba data imeharibika. Kwenye kompyuta ya Windows, programu ya H2testw huijaza diski nzima na kuisoma tena. Iendeshe usiku kabla hujaifomati kwa konsoli, na ukiona kosa hata moja asubuhi, irudishe diski hiyo dukani pamoja na boksi lake.