Uzoefu wangu na video za mazoezi ya nyumbani: kocha anayehesabu ukiwa umesimama

Masika yalipoanza na barabara za Temeke zikajaa maji, kikundi chetu cha jogging kilipunguza kukimbia, nami nikanunua kifurushi cha video za mazoezi ya nyumbani kwa Kiswahili. Bei ni Sh 15,000, unalipa kwa simu, unatumiwa viungo vya kupakulia, na video zinabaki zako. Kocha ni kijana mwenye mwili wa kocha, na kwenye maoni ya wanunuzi wengine wengi wamesifia huo mwili. Mimi ndiye ninayeongoza mazoezi ya viungo kwenye kikundi baada ya mbio, kwa hiyo nilichofuatilia ni mdomo wake. Mtu akiwa chini kwenye skwati haoni simu iliyoegemezwa kwenye mguu wa kochi la sebuleni, na kwenye pushapu anatazama mkeka. Kinachomfikia ni sauti tu, na sauti hiyo inatakiwa ifike kabla mwili haujaihitaji.

Nianze na skwati, kwa sababu hapo amefanya kazi ya maana. Seti ni ya skwati kumi za taratibu: sekunde tatu za kushuka, moja ya kutulia chini, moja ya kupanda. Hiyo ni sekunde tano kwa kila moja, na seti nzima sekunde hamsini. Sauti yake inakwenda hivi: "Shuka... shuka... shuka... tulia... juu, MOJA!" Angalia mambo mawili. Kwanza, sekunde amezipa maneno na namba ameziacha kwa ajili ya skwati peke yake. Nimewahi kufuata video ambayo kocha anasema "moja, mbili, tatu" akihesabu sekunde za kushuka, halafu "moja" nyingine ya skwati iliyokamilika, na ukifika katikati hujui tano uliyoisikia ni ya nini.

Pili, namba inatua ukiwa umeshasimama wima. Inaonekana jambo dogo mpaka usimame mbele ya watu ishirini waliochoka. Ukiwatajia namba wanapoanza kushuka, "kumi" wataisikia wakiwa juu bado, na mwili uliochoka ukisikia kumi unajua kazi imeisha. Nusu yao watashuka robo, watainuka na kwenda kwenye chupa za maji. Wamefanya tisa na kipande. Namba ikija mwisho wa mwendo, haipatikani mpaka skwati yenyewe ikamilike.

Maonyo ameyapanga vizuri pia. Kabla ya seti, mtu akiwa amesimama anapumua kawaida, anataja mambo matatu: miguu upana wa mabega na vidole vitazame nje kidogo, magoti yafuate uelekeo wa vidole, visigino visinyanyuke. Anaongeza sentensi moja ya maumivu ambayo ningependa kila kocha aiseme: paja likiwaka endelea, goti likichoma simama. Baada ya hapo hawezi tena kueleza kwa sentensi ndefu, maana ndani ya sekunde tatu za kushuka huwezi kuingiza zaidi ya maneno matatu manne yanayosikika vizuri. Kwa hiyo kwenye skwati ya pili anasema "magoti yafuate vidole", na anaisema mtu akiwa juu bado, kabla ya "shuka". Ukimwambia mtu habari za magoti akiwa tayari chini, magoti yameshaingia ndani, na akijaribu kuyarekebisha huku amebeba uzito wake wote anayumba.

Kwenye ya tatu anakumbusha pumzi: vuta ukishuka, toa ukipanda, na mwenye presha asibane pumzi hata kidogo. Onyo hilo lina sababu. Kubana pumzi huku unasukuma kunapandisha shinikizo la damu ghafla, na kwenye vikundi vyetu vya mtaani watu wazima wenye presha ni wengi, baadhi hawasemi. Kisha kutoka ya nne hadi ya sita ananyamaza, ukiacha "tulia", "juu" na namba. Nilifurahi. Mtu anahitaji nafasi ya kufanya alichoambiwa, na kocha anayeongea kila sekunde anageuka kelele ambazo sikio linaacha kuzisikiliza.

Maneno ya kutia moyo yanaanzia ya saba, pale mapaja yanapowaka kweli. Na hata hapo hasemi "unaweza, unaweza" tupu. Ya saba: "kifua juu". Ya nane ikiisha: "mbili zimebaki, sukuma sakafu chini". Ya tisa ikiisha: "ya mwisho hii, taratibu vilevile", na kweli ya mwisho ndiyo inayohitaji kusemewa taratibu, kwa sababu kila mtu huiharakisha. Hilo la kusukuma sakafu lina msingi. Gabriele Wulf, mtafiti wa namna watu wanavyojifunza miendo, ameonyesha katika tafiti nyingi kwamba mtu hufanya mwendo vizuri zaidi akielekeza akili kwenye kitu kilicho nje ya mwili wake kuliko kwenye msuli wenyewe. "Sukuma sakafu" inafanya kazi kuliko "kaza misuli ya mapaja", na waliopo kwenye kikundi changu wameanza kuinuka kwa nguvu tofauti tangu niibe sentensi hiyo.

Kuna jambo moja ambalo video haiwezi, nalo ni kukuona. Makocha wengi wa video hulificha kwa kumwaga "vizuri sana!" kila baada ya muda, na wewe unasifiwa huku visigino viko hewani. Huyu kwenye seti ya pili anakupa namna ya kujikagua. Ukitulia chini anasema: "chezesha vidole vya miguu." Vikicheza ndani ya kiatu, uzito umekaa vizuri, katikati ya unyayo na kisigino. Vikiwa vimegandamana na soli, umeelemea mbele, na anakuambia urudishe nyonga nyuma kama unatafuta stuli. Ni kipimo cha sekunde moja na hakihitaji kioo. Mtu mwenye vifundo vigumu bado ataelemea mbele, na kwake anashauri kuweka vitabu viwili vyembamba chini ya visigino au asishuke sana. Hapo angeweza kueleza zaidi, lakini sawa.

Muziki wa skwati nao umepimwa. Niliufuatisha na programu ya kupima mapigo kwenye simu, nikapata mapigo 96 kwa dakika. Mapigo manane kwa kasi hiyo ni sekunde tano kamili, yaani skwati moja ya kushuka tatu, kutulia moja, kupanda moja. Ndiyo maana namba yake inatua pale pale muziki unapoanza mzunguko mpya, na hata asipoongea unajua uko wapi. Angechukua wimbo wa mapigo 120, mapigo manane yangekwisha kwa sekunde nne, na kila skwati ingeachwa nyuma sekunde moja. Ukifika ya tano muziki na kocha kila mmoja ana safari yake.

Kwa nini basi nimempa nyota tatu na si tano? Kwa sababu ya sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni lanji, lile zoezi la kupeleka mguu mmoja mbele na kushuka. Kocha anatazama kamera na kusema "mguu wa kulia mbele", naye anapeleka mguu wake wa kulia, ambao kwenye skrini uko upande wako wa kushoto. Macho yanaambiwa hivi, masikio vile. Waalimu wa madarasa ya mazoezi wanalijua hili tangu zamani: ama unageuka na kuwapa watu mgongo, ama unafanya kinyume, unasema kulia huku unapeleka kushoto. Yeye hakufanya lolote kati ya hayo. Mbaya zaidi, onyo la goti la nyuma, kwamba lisigonge sakafu, linakuja sauti ikiwa imechelewa, goti likiwa limeshafika. Ndani ya nyumba zetu zenye vigae, huwezi kumwambia mtu hilo baadaye. Lilipaswa kuwekwa kwenye maelezo ya mwanzo, pamoja na ushauri wa kukunja taulo chini ya goti.

Sehemu ya pili ni ile ya kuruka kwa kufungua na kufunga miguu, thelathini mfululizo, kwa muziki wa singeli. Singeli inafaa kwa kuruka, sina ugomvi nayo. Shida ni kuhesabu. Mruko mmoja kwa kasi yake hauchukui hata sekunde nzima. Hadi kumi anakwenda vizuri, kwa sababu moja hadi kumi ni maneno mafupi. Akiingia "kumi na moja" ulimi unaanza kukimbizana na miguu, na akifika "ishirini na saba" amepitwa kabisa. Nilirudia kwa taratibu nikamhesabu yeye mwenyewe kwenye picha: anaposema thelathini ameshapita thelathini na mbili. Kwa mtu mwenye nguvu si kitu, lakini anayejua ana thelathini za kufanya na amejigawia pumzi kwa thelathini, mbili za ziada ndizo zinazomfanya atue kwa unyayo mzima badala ya kuanza na vidole. Na hapo ndipo onyo la "tua kimya, miguu isigonge" lingefaa, ila mdomo wake una shughuli ya kuhesabu.

Dawa yake ni rahisi na naitumia kikundini. Unahesabu moja hadi kumi mara tatu, na ile "kumi" unaibadilisha: mara ya kwanza unasema "kumi la kwanza", mara ya pili "la pili". Kumi la tatu unalihesabu kwenda chini, tano, nne, tatu, mbili, moja, kuanzia pale zilipobaki tano. Maneno yanabaki mafupi, na unapata nafasi ya kupenyeza onyo.

Pushapu ziko sawa, ana toleo la magoti chini na la kuegemea ukuta, na kwenye dakika moja ya mapumziko ananyamaza kwanza ndipo aeleze zoezi linalofuata, maana mtu anayehema hasikii maelekezo.

Nilimwandikia kuhusu lanji na kuhesabu. Alijibu siku hiyohiyo, kwa heshima, kwamba wengine wamelalamikia lanji pia na atairekodi upya, na waliokwisha kulipa watatumiwa bila malipo mapya. Ya kuruka hakuigusia. Nimepakua tena wiki hii, na lanji bado ni ileile ya zamani.