Kamera za zamani, DVR mpya: ununue nini kwanza?

Tuchukue yadi ya mbao Mafinga: kamera nne za analogi zenye maandishi 700TVL, kebo za koaksia za RG59 zilizokwisha kupigiliwa ukutani, na DVR, yaani mashine ya kurekodi picha za kamera, iliyokufa. Mwenye yadi anataka sura za wanaoingia getini zionekane. Akienda dukani, Iringa mjini au Mwanjelwa kule Mbeya, atawekewa mezani mashine kadhaa zinazofanana kwa nje. Sisi tungezipanga hivi.

Ya kwanza: DVR ya mifumo mitano, halafu ubadilishe kamera mbili tu. Kwenye boksi tafuta majina haya: TVI, CVI, AHD, CVBS na IP. CVBS ndiyo lugha ya kamera za zamani, kwa hiyo zote nne zitawaka kwenye mashine hii kwa kebo zilezile na plagi zilezile za BNC. Lakini picha haitaongezeka ubora. DVR hupokea kile kamera inachotuma, na kamera ya zamani haizidi pikseli 960 kwa 576. Anayekuahidi kwamba mashine mpya "itazisafisha" anakuuzia maneno.

Ndiyo maana pesa inayobaki iende kwenye kamera mbili za megapikseli 2, ya getini na ya kaunta. Ili umtambue mtu usiyemjua, kipimo kinachotumika sana ni pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana. Pikseli 960 zinatosha upana wa mita 3.8 hivi, pikseli 1920 zinafika mita 7.7. Geti la kupitisha fuso lina upana wa mita 5 au 6, kwa hiyo kamera ya zamani hapo itakuonyesha kuwa mtu amepita, basi. Zile mbili za kuangalia milundo ya mbao ziache zilivyo.

Hapa kuna mtego mmoja. DVR nyingi za bei ya chini zimeandikwa 1080N au 1080P Lite. Hizo hurekodi pikseli 960 kwa 1080, yaani upana umekatwa nusu. Ukifunga kamera mpya kwenye mashine hiyo, kwa upana umerudi palepale kwenye mita 3.8. Sharti iwe 1080P kamili, na uulize inarekodi picha ngapi kwa sekunde katika kiwango hicho. 12 au 15 zinatosha getini.

Diski ya 1TB inatosha. Kamera mpya, kwa mfinyazo wa video wa H.265, ukiziwekea 2 Mbps kila moja, na za zamani 1 Mbps kila moja, jumla ni 6 Mbps, karibu GB 65 kwa siku. Utapata wiki mbili hivi za kurudi nyuma.

Kamera mpya ikionyesha picha isiyo na rangi au isionyeshe kitu kabisa, usikimbilie kulaumu kebo. Nyingi zina kitufe kidogo kwenye waya wake: kishikilie upande mmoja kwa sekunde kama tano, kamera itabadili mfumo. Kwenye DVR nako hakikisha chaneli hiyo haikulazimishwa kusoma mfumo mwingine, na kwamba imewekwa PAL.

Tatizo linalosumbua zaidi ni umeme. Kamera inafanya kazi mchana, giza likiingia inazimika na kuwaka. Taa zake za usiku zikiwaka inavuta kama ampea 0.4. Kwenye waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5, mita 40 kwenda na 40 kurudi, volti 12 zinashuka hadi 10.9, waya wa alumini uliopakwa shaba unazishusha hadi 10.2, na kamera nyingi hazivumilii chini ya 10.8. Kwaruza ncha ya waya kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, sogeza adapta karibu na kamera.

Ya pili: DVR hiyohiyo, kamera zote mpya. Ni nzuri, ila nusu ya pesa inaishia kutazama mbao zisizotembea.

Ya tatu: DVR iliyotumika, ya mfumo mmoja. Nyingi husoma CVBS, lakini siku ya kuongeza kamera utafungwa na mfumo wake. Usilipe kabla ya kuchomeka kamera yako ya zamani palepale dukani.

Ya mwisho: NVR, mashine ya kurekodi kamera za mtandao. Geuza nyuma uangalie: haina matundu ya BNC, ina ya kebo ya mtandao tu. Kuiunganisha na kamera hizi kunahitaji kifaa cha kubadili mawimbi, na ukijumlisha gharama yake picha bado ni ileile ya 960 kwa 576. NVR inunuliwe pale tu kebo zenyewe zimeoza na utavuta mpya.