Mafunzo ya sola siku mbili Newala: betri ya maji au lithiamu?
Siku ya kwanza ni kufunga na hapo zote sawa tu, unaunga betri kwenye kontrola kwanza ndo paneli ifuate, ili kontrola itambue ni volti 12. Utofauti unakuja siku ya pili, matunzo. Betri ya maji ni bei nafuu na inafundisha sana, kijana anaongeza maji yaliyosafishwa (siyo asidi jamani!), anapima volti ikiwa imepumzika, 12.7 imejaa, 12.0 imeshuka mno na ikikaa hivyo inakufa mapema. Lithiamu haitaki maji na inadumu zaidi, ila volti zake hazishuki mpaka ikaribie kuisha, kwa hiyo mita haisaidii sana. Kijijini kwenu betri za zamani ndo nyingi? Fundishieni ya maji. Kama watu wananunua mpya msimu wa korosho, lithiamu, na seti za kontrola zibadilishwe ziendane na lithiamu.