Kapsheni za duka langu la alizeti: miezi minne na programu ya akili mnemba

Nauza mafuta ya alizeti Ipagala, hapa Dodoma. Yanakamuliwa kwetu Iramba kwenye mashine ya kaka yangu, yanashuka na basi kwenye madumu ya lita 20, mimi nayatuamisha, nayachuja, napima vidumu vya lita 5 na lita 3. Kuuza sina shida. Kinachonishinda ni kukaa na simu kuandika maneno ya kuweka chini ya picha. Mpwa wangu anayesoma UDOM akanipakulia programu ya kuandika kwa akili mnemba, toleo la bure, akaniambia, "Shangazi, hii itakuandikia kila siku." Nimeitumia miezi minne, na haya ndiyo niliyoyaona.

Siku ya kwanza niliiandikia tu: niandikie kapsheni ya Instagram kuhusu mafuta ya alizeti. Ikaleta hivi: "Je, umechoka na mafuta yasiyo na ubora? Tunakuletea mafuta safi kama kioo, yaliyoandaliwa kwa upendo ili kuinua ladha ya kila mlo wako! Usikose fursa hii ya kipekee!" Mwishoni ikapanga maua ya alizeti matano na moyo mmoja. Nikaona Kiswahili kimenyooka, nikaibandika ilivyo.

Mteja wangu wa Area C, mama mmoja ananunua kwangu mwaka wa pili sasa, akanitumia ujumbe: "Umeajiri kijana wa matangazo?" Hilo nililicheka. Sikucheka wiki iliyofuata, alipokuja dada mmoja na kidumu mkononi, anakigeuza juu chini. "Mbona kuna tope? Si ulisema kioo?" Sasa mafuta ya kukamua ambayo hayajapita kiwandani, hata uyachuje vipi, yakikaa yanaacha masimbi kidogo chini. Wateja wangu wote wanajua kwa sababu huwa nawaambia mwenyewe kabla hawajalipa. Kapsheni haikuwaambia. Nikambadilishia kidumu, nikafuta lile bandiko.

Nikadhani tatizo ni ugumu wa maneno. Nikaiagiza iandike Kiswahili cha mtaani, cha mtu wa Dodoma. Hapo ndipo ilipoharibu kabisa. Ikaanza na "Mbukwenyi wapendwa!" kisha "jamani" mara tatu na "wadau" mara mbili. Mimi Mnyiramba. Mbukwenyi naipokea nikisalimiwa, lakini sijawahi kufungua nayo duka. Mpwa wangu alicheka mpaka akakaa chini, akaniuliza nimeolewa Ugogoni lini.

Yeye ndiye aliyesema niache kuieleza sauti yangu, niionyeshe. Tukafungua WhatsApp, tukatafuta voisi nilizowatumia wateja, si nilizoandika, maana nikiandika na mimi huwa nakuwa kama karani. Tukachagua nane: ya mzigo kuingia, ya mzigo kuchelewa, ya bei kupanda, ya mtu aliyelalamika povu, na nyingine za kawaida. Akazinakili neno kwa neno, na "eeh" zake humo humo. Moja ilikuwa hivi: "Mama, mafuta yameingia jana usiku, lakini usije leo, bado nayatuamisha. Njoo Alhamisi. Nakuwekea kimoja cha tano, au viwili?"

Kuziona zimeandikwa ndipo nikajijua. Kumbe naanza na siku na hali ya mafuta, siulizi mtu kama amechoka na chochote. Bei naitaja mapema. Kasoro naitaja kabla ya sifa. Na nazungumza na mtu mmoja, siyo "wapendwa wateja wetu". "Jamani" haimo hata kwenye voisi moja! Nilikuwa nadhani sauti yangu ni maneno fulani fulani, kumbe ni yale ninayochagua kumwambia mtu na ninayoanza nayo.

Basi maagizo ninayobandika sasa, juu ya zile voisi nane, ni haya:

```
Hizi ni sauti zangu kwa wateja. Fuata mpangilio wa usemaji, usinakili habari zilizomo.
Andika sentensi 3 hadi 5, kwa mtu mmoja.
Usianze na swali. Usitumie: tunakuletea, usikose, kipekee, jamani.
Usiongeze jambo lolote nisilokuambia.
Habari za leo:
```

Chini ya mstari wa mwisho naandika habari kavu kavu, kama ninavyoandika kwenye daftari: mzigo Jumatatu, tayari Alhamisi, lita 5, bei, mashudu yapo. Mstari huu ndio unaobeba kazi yote. Siku niliyokuwa na haraka nikauacha mtupu, ikarudi kwenye "ladha ya kila mlo".

Hata hivyo lazima uichunge. Wiki ya pili ya mtindo huu iliandika vizuri sana, ila kwa bei ya 28,000, wakati nilikuwa nimeshapandisha mpaka 30,000. Ilitoa wapi? Ndani ya voisi ya zamani. Watu watatu wakaja na 28,000 mkononi, nikawauzia hivyo hivyo kwa sababu ni mimi niliyetangaza. Tangu hapo kwenye zile voisi nimefuta kila namba na kila jina la siku, nikaweka neno "bei" na neno "siku". Tabia nyingine: ikipenda neno lako inalichosha. "Nakuwekea" ilitokea kwenye kapsheni sita mfululizo mpaka nikaanza kulichukia. Siku hizi voisi yenye neno hilo nimebakiza moja tu.

Na bado inaongeza chumvi. Nimekuta "tunasafirisha mikoa yote", nimekuta "inalinda moyo". Mimi si daktari, na bodaboda wangu mwisho wake Kisasa. Kwa hiyo kabla ya kubandika namsomea kwa sauti binti wa dukani. Ulimi ukikwama, au yeye akiinua macho kwenye simu yake, sentensi hiyo naitoa. Ya kwanza naiandika mwenyewe mara nyingi, kwa sababu Instagram inakata maneno baada ya mistari kama miwili, na mteja wangu hafungui kusoma zaidi. Siku na bei zikiwa hapo juu zinatosha.

Muda? Zamani kapsheni moja ilinila nusu saa na mara nyingi niliishia kuweka picha tupu. Sasa dakika kumi, pamoja na kusoma kwa sauti. Ukifungua mazungumzo mapya inakuwa imesahau kila kitu, kwa hiyo maagizo na voisi nimezihifadhi pembeni kwenye simu, nabandika upya kila mara. Kulipia toleo kubwa sijaona sababu. Naipa nyota tatu kati ya tano. Kama biashara yako ni mpya na hujawahi kuongea na wateja wa kutosha, hutakuwa na cha kuionyesha, na itakupa yale yale ya kwenye kila ukurasa.

Hii ni ya Jumatatu iliyopita. Nimebadilisha neno moja tu, iliandika "mashapo" nikaweka "masimbi": "Mzigo umeingia leo asubuhi, Alhamisi yako tayari. Cha lita 5 ni 30,000. Yana masimbi kidogo chini, usiyatikise ukimimina. Mwenye kuku, mashudu yapo, njoo na kiroba chako."

Yule mama wa Area C alijibu: "Niwekee viwili." Kuhusu kijana wa matangazo hakuuliza tena.