Majasusi Wawili, Misheni Moja: Tuichambue The Resistance

Mambo vipi, karibuni tena. Leo mkononi nina The Resistance, mchezo wa kadi wa Don Eskridge. Mnacheza watano hadi kumi, na nusu saa hivi umeisha. Boksi ni dogo, linaingia kwenye mkoba ukipanda matatu. Ila kadi zivalishe plastiki mapema: moja ikikunjika pembe, kila mtu mezani ataitambua hata ikiwa kifudifudi.

Sasa twende kwa ile dakika tamu. Mko watano, majasusi ni wawili na wanajuana. Waaminifu watatu hawajui nani ni nani. Misheni ya pili inataka watu watatu, na kiongozi, maskini, amewachagua majasusi wote wawili. Kila mmoja anatoa kadi kwa siri. Mwaminifu lazima atoe ya kufaulu, jasusi anachagua. Kadi moja tu ya kufeli inaangusha misheni.

Wengi huuita huo mtanziko wa wafungwa. Mimi nakataa. Kwa wale wafungwa wawili wanaohojiwa kila mmoja peke yake, kumsaliti mwenzako kunakulipa hata afanye nini. Hapa majasusi wanashinda au kushindwa pamoja, na chaguo lako linategemea lake: akitoa ya kufeli, wewe toa ya kufaulu, akitoa ya kufaulu, wewe angusha. Tatizo lao ni kwamba hawawezi kuongea.

Wakitoa ya kufeli wote, misheni imeanguka, sawa, lakini yule mwaminifu wa ndani ameshawajua wote wawili, na wale wawili wa nje wamejua kuwa wenzao ni safi. Ikitoka moja tu, utamu! Walio nje wanaanza kushukiana, maana jasusi wa pili anaweza kuwa yeyote.

Tuipe hesabu. Kadi moja ya kufeli tuseme ina thamani ya 1, mbili nusu, na sifuri isipotoka hata moja. Namba hizo ni zangu, za kukadiria. Bila mpango, mambo yanatulia, yaani hakuna anayefaidika kwa kubadilika peke yake, kila jasusi akiangusha mara mbili kwa tatu. Basi katika misheni tisa za aina hii, nne zitatoa kadi moja, nne zitatoa mbili, na moja itapita bure mbele ya majasusi wawili! Wastani wao ni theluthi mbili.

Dawa ni desturi ya meza: jasusi aliye karibu zaidi na kiongozi, ukihesabu kuelekea kushoto, ndiye anayeangusha. Wastani unapanda hadi 1. Lakini waaminifu nao wakiijua desturi hiyo, wanapata pa kuanzia kuchunguza, kwa hiyo msiitangaze ovyo.

Kwangu, watano ndio idadi tamu, nunua kama unao watu hao. Mkifika saba, misheni ya nne inataka kadi mbili za kufeli, na hapo majasusi wawili wakiwa ndani, kila mmoja lazima atoe yake.