Nyota tatu kwa huduma iliyonizungusha mlangoni

Huduma hii ya kuhifadhi faili mtandaoni nimeitumia miaka miwili, na kwa kazi yake yenyewe sina lawama. Faili hupanda haraka na hazijawahi kupotea. Nyota mbili nimezikata kwa sababu ya siku tatu ambazo kivinjari cha kompyuta yangu kilikataa kufungua akaunti, kikaniachia ukurasa mweupe wenye maandishi ERR_TOO_MANY_REDIRECTS.

Kwenye simu akaunti ilifunguka vizuri. Kwenye kompyuta ileile, dirisha fiche nalo lilifunguka. Hapo nilijua seva haijafa na nenosiri langu halina tatizo. Dirisha fiche huanza bila vidakuzi vya zamani, yaani vile vipande vidogo vya data ambavyo tovuti huviacha kwenye kivinjari ili ikutambue, kwa hiyo likifanya kazi wakati dirisha la kawaida limekwama, mshukiwa wa kwanza ni kitu ambacho kivinjari kimekihifadhi.

Niliwaandikia wahudumu wao. Jibu: "Futa historia yote ya kivinjari." Ushauri huo ni kama kuvunja nyumba kwa sababu ya panya mmoja. Ningetolewa kwenye kila tovuti niliyoingia, na bado nisingejua kilichoharibika. Nikabonyeza F12 kufungua zana za wasanidi za kivinjari, nikafungua kichupo cha Network, nikaweka tiki kwenye Preserve log, kisha nikaupakia ukurasa upya. Nikaona mistari miwili ikijirudia:

```
/akaunti   302  ->  /ingia
/ingia     302  ->  /akaunti
```

Namba 302 ni seva inayokiambia kivinjari, "unachokitaka kwa sasa kipo kule." Kivinjari hutii, lakini si milele: Chrome na Firefox huacha kufuata baada ya kuelekezwa mara 20, ndipo linapotokea kosa hilo.

Kwa nini kurasa mbili za tovuti moja zirushiane mgeni? Kwa sababu kila moja ina kanuni yake. Ukurasa wa akaunti husoma kilichomo ndani ya kidakuzi; ukikuta muda wako wa kuwa umeingia umekwisha, unakutuma ukaingie upya. Ukurasa wa kuingia, kwa jinsi ulivyokuwa ukifanya, ulitazama tu kama kidakuzi kipo. Ukikiona, unasema "huyu ameshaingia" na kukurudisha kwenye akaunti. Mlinzi wa kwanza anataka tiketi ya leo, wa pili anaridhika na tiketi yoyote, na katikati yao fomu ya kuandika nenosiri haionekani kabisa.

Nikafuta vidakuzi vya anwani niliyokuwa nimeifungua, tuseme app.example.com. Nikaupakia ukurasa upya kwa furaha, lakini mzunguko ukabaki uleule. Hapa ndipo watu wengi huchoka, nami nilikaribia.

Nilipotazama tena, safari hii kwenye kichupo cha Application chini ya Cookies, nikagundua kwamba vidakuzi vya jina lilelile vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa cha app.example.com, kile nilichokwisha kukifuta, kingine cha .example.com, mabaki ya kabla hawajahamishia akaunti kwenye anwani ndogo. Kivinjari huvituma vyote viwili kwa pamoja, na kwa kawaida kile kilichoundwa zamani hutangulia. Seva ikisoma cha kwanza tu, inasoma kilichokufa. Kutoka kwenye akaunti hakusaidii, maana amri ya kufuta inagusa kile kipya peke yake. Nilikifuta na kile cha kikoa kikuu, na tangu hapo kimya. Faili zangu hazikuguswa, kwa kuwa zinakaa kwenye seva.

Ukitaka njia fupi isiyohitaji F12, ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, tafuta orodha ya data za tovuti, andika jina la kikoa bila kiambishi cha mbele, yaani example.com badala ya app.example.com, ufute kila kinachotokea. Kama umezuia vidakuzi vyote, iruhusu tovuti hiyo kwanza: kuna seva zinazokupa kidakuzi na kukuelekeza mbele, zisipokiona zinakurudisha kuanza upya. Hakikisha pia tarehe ya kompyuta ni sahihi, kwani saa iliyokimbia mbele mno inaweza kufanya kidakuzi kipya kionekane kimekwisha muda.

Ukiona 301 badala ya 302, vidakuzi huenda havina kosa. Hiyo ni amri ya kudumu, na kivinjari kinaweza kuikumbuka hata baada ya seva kurekebishwa; futa kache ya tovuti hiyo.

Na dirisha fiche likizunguka vilevile, simu nayo ikizunguka kwa mtandao mwingine, acha kufuta vitu. Huenda seva inalazimisha kila mgeni atumie https ilhali kifaa kilicho mbele yake kinaifikishia kila ombi kama http, hivyo inaelekeza bila kukoma. Hilo lao. Watumie ile mistari ya Network. Mimi niliwatumia yangu pamoja na majina ya vidakuzi vyote viwili, na wiki mbili baadaye ukurasa wao wa kuingia ulianza kuonyesha fomu hata nilipouwekea kidakuzi kibovu makusudi.