TAHADHARI: Ukiomba mzigo ubadilishiwe kituo, hapo ndipo wanapokupiga

Jamani, naandika hii nikiwa na uchungu wa shilingi 300,000, na najua humu tuko wengi tunaoagiza vitu Kariakoo kupitia Instagramu tukiwa mikoani.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Dodoma. Jumanne wiki iliyopita niliagiza ovaloki ndogo ya mezani kwenye ukurasa mmoja unaouza vifaa vya ushonaji. Bei 260,000, usafiri wa basi 15,000. Saa nne asubuhi nikatuma hela yote. Muuzaji akajibu kwa heshima zote, "Sawa dada yangu, mzigo unatoka leo, utaupokea Nanenane."

Saa tisa nikapigiwa simu kwamba shemeji yangu amefariki, msiba uko Singida. Nikajua sitakuwepo Dodoma wiki nzima. Nikamwandikia muuzaji: kaka, kama mzigo haujatoka naomba uandike Singida badala ya Dodoma. Alikaa kimya kama saa nzima na kitu. Saa kumi na moja jioni akajibu: "Dah, dada, mzigo umeshatoka, gari liko Chalinze. Kuugeuza kuna ada ya 25,000, tuma kwa namba hii ya dereva."

Nikatuma. Nilikuwa nafunga begi huku nalia, ndugu zangu, sikuwaza. Haikupita hata nusu saa "dereva" mwenyewe akapiga. Sauti ya haraka, kelele za barabarani nyuma. Akasema yuko Gairo, mzigo ameshautenga kwa ajili ya Singida, lakini kampuni inataka bima ya 40,000 ambayo nitarudishiwa nikipokea.

Hapo ndipo akili ilirudi, na si kwa sababu ya bima. Ni kwa sababu ya Gairo. Barabara hiyo naijua. Chalinze mpaka Gairo unapita Morogoro nzima, ni kama kilomita 200. Basi gani linakwenda hivyo kwa nusu saa? Nikamwandikia muuzaji: nitumie picha ya risiti ya mzigo kwanza. Muuzaji akatuma, kidole gumba kimefunika sehemu ya jina na simu ya mpokeaji, lakini namba ya risiti na jina la basi vinaonekana.

Kesho yake kabla ya kupanda gari nikapita ofisi ya basi hilo pale stendi. Kijana wa vifurushi aliangalia namba, akapiga simu Mbezi, kisha akanirudia: "Mama, risiti hii ni ya juzi. Ni spea za pikipiki, zimeenda Mwanza, na mwenyewe ameshachukua." Ovaloki yangu haikuwahi kupanda basi lolote. Siamini hata kama ilikuwepo.

Nikamuuliza, kwani kweli mzigo ukishatoka mtu anaweza kuugeuza? Alichonieleza ndicho kilichonifanya niandike hapa, kwa sababu ningekijua Jumanne nisingetuma ile 25,000.

Mzigo ukipokelewa ofisini Mbezi unaandikwa risiti: jina na simu ya mtumaji, jina na simu ya mpokeaji, na kituo unakoshuka. Kabla haujapakiwa, kubadilisha ni kazi ya kalamu tu. Mtumaji anarudi na risiti yake, wanafuta Dodoma wanaandika Singida, na kama nauli ya mzigo imezidi anaongeza palepale. Ukishapakiwa na gari limeondoka, dereva hana cha kugeuza. Anaendesha basi. Mzigo uko kwenye buti chini ya mizigo mingine, na utashuka pale palipoandikwa.

Kuna hali moja tu yenye nafuu. Kama basi lenyewe linaendelea mbele ya Dodoma, tuseme linakwenda Mwanza, basi Singida liko njiani. Hapo mtumaji anapiga simu ofisini, ofisi inampigia konda, na kama mzigo unafikika anauacha humo uendelee. Hakuna anayekuahidi, konda akisahau ndiyo basi. Lakini kama gari linaishia Dodoma, mzigo unashuka Nanenane na kulala ofisini ukikusubiri. Kutoka hapo una njia mbili. Ama ndugu yako aliyebaki Dodoma aende na kitambulisho baada ya wewe na mtumaji kuwapigia ofisi na kutaja jina lake, ama mzigo upelekwe upya Singida kwa gari lingine. Huo unakuwa mzigo mpya wenye risiti mpya, na unalipia kipande cha Dodoma hadi Singida tu. Unalipa ofisini au kwa namba ya malipo ya ofisi, unapewa risiti. Hakuna kulipa kwenye simu binafsi ya mtu aliye barabarani.

Kwa hiyo mkiambiwa "mzigo umeshatoka", msianze kubishana kuhusu ada. Ombeni risiti yote bila kidole juu yake. Angalieni kama simu ya mpokeaji ni yenu, angalieni tarehe, halafu pigeni ofisi ya basi kwa namba mliyoitafuta wenyewe, siyo aliyowapa muuzaji. Muuzaji mkweli hatachelewa kutuma, kwa sababu risiti anayo mkononi na ndiyo kinga yake pia. Na ikikufikia, usiibandike kwenye grupu la familia. Ina jina lako, simu yako na namba ya mzigo, mjanja hahitaji zaidi ya hapo kujaribu kwenda kuuchukua.

Nilichokosea mwanzoni nakikubali. Ukurasa ulikuwa na picha nzuri na wafuasi wengi, lakini komenti zilikuwa zimefungwa. Nilipoingia baadaye kwenye taarifa za akaunti nikakuta imeshabadilisha jina mara kadhaa. Hilo ningeliona kwa dakika moja. Na mimi mwenyewe niliwapa kamba: nilipoomba kubadilisha kituo, niliwapa sababu ya kudai hela ya pili. Nisingeomba, wangetafuta sababu nyingine, lakini ile ilikuwa tamu kwao kwa sababu wazo lilitoka kwangu.

Huduma kwa wateja wa mtandao wangu waliniambia hela imeshatolewa kwa wakala, hakuna cha kurudisha. Namba zote mbili nimezituma 15040, ile ya TCRA tunayotumia kwa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Polisi nimechukua RB, nikawapelekea meseji zote na muamala. Askari akaniuliza kwa nini sikuwapa 40,000. Nikamwambia Gairo ilikuwa mbali mno. Alicheka, nami nikacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba.

Juzi nimerudi Dodoma. Jana saa mbili usiku ile namba ya "dereva" imenipigia tena, anauliza kama ile bima nimeipata. Nikamuuliza yuko wapi sasa hivi. Akasema bado yuko Gairo.